Geto dogo linahitaji meza moja, si mbili

Bumu likiingia, wengi wetu tunaokaa nje ya chuo hukimbilia kupamba geto. Mmoja ananunua stuli ya kioo na makochi mawili madogo, "sebule" yake. Mwingine anaweka meza ya kusomea kwenye kona, halafu anaongeza kimeza cha kulia ili vitabu visilowe mchuzi. Baada ya wiki mbili stuli imejaa nguo, meza imejaa sahani, na mwenye geto anaandika asaimenti kitandani, mgongo umepinda kama ndoano. Hoja yangu ni kwamba kwenye chumba kimoja kidogo sehemu ya kulia na sehemu ya kusomea zinapaswa kuwa kitu kimoja. Yaani meza moja yenye kimo sahihi, inayobadilishwa kazi kwa dakika mbili. Nitaeleza kwa vipimo, maana huku kwenye mageto ugomvi mwingi wa nafasi ni hesabu tu ambayo haikupigwa.

Tuchukue chumba ambacho wengi wetu tunakijua, futi 10 kwa 10. Kina mlango katikati ya ukuta wa mbele na dirisha kwenye ukuta wa nyuma. Sakafu yote ni futi za mraba 100. Kitanda cha nne kwa sita kinakula 24. Kabati la nguo la futi 4 kwa 2 linakula 8. Kona ya jiko, yaani mtungi wa gesi wa kilo 6, ndoo ya maji na vyombo, ni kama 6. Zimebaki 62, na hapo mtu anajisemea, "Mbona nafasi ipo tele?"

Haipo, na sababu yake wengi hatuipimi. Meza ya futi 4 kwa 2 inakula futi za mraba 8 tu, lakini meza haikai peke yake. Nyuma yake lazima kuwe na nafasi ya kuvuta kiti, kukaa na kuinuka, karibu futi 3. Kwa hiyo meza moja inadai futi 4 kwa 5, yaani 20. Ukiweka ya pili ya kulia yenye kiti chake, ni 20 nyingine. Sasa kati ya zile 62 zimebaki 22, ambazo ndani yake lazima mlango ufunguke, mtu apite na ndoo ya maji, na mwenzako avae viatu. Ndiyo maana geto lenye meza mbili huishia moja kugeuka rafu. Kinachomaliza chumba ni ile nafasi ya kiti, maana meza zenyewe ni ndogo. Ukila na kusoma pale pale, nafasi hiyo unailipia mara moja tu.

Meza hiyo ikae wapi? Simama mlangoni ukitazama dirisha. Kitanda kisukume kwenye ukuta wa kushoto hadi kona ya nyuma. Futi 4 zinazobaki kwenye ukuta huo, karibu na mlango, ziwe za jiko, ili ukipika uache mlango wazi na mvuke utoke. Ukuta wa kulia, anza na meza kwenye kona ya dirishani, kisha kabati. Kati ya meza na kitanda kunabaki futi 4, yaani kiti kinavutika vizuri na nafasi hiyo hiyo ndiyo njia ya kupita. Ukikaa, uso unaelekea ukutani na dirisha liko kushoto kwako. Anayeandika kwa mkono wa kulia anapata mwanga bila kivuli cha mkono kuangukia daftari, na kioo cha kompyuta hakipigwi na jua kama ambavyo kingepigwa dirisha likiwa nyuma yako. Kama unatumia mkono wa kushoto, geuza: meza upande wa kushoto, kitanda kulia.

Sasa kimo. Hapa ndipo stuli ya kioo inapotuponza. Stuli nyingi za sebuleni zina kimo cha kama sentimita 45, sawa na kiti chenyewe. Kwa kula dakika 15 haina shida, unashika sahani mkononi. Kwa kusoma saa 3 unainamisha shingo na mgongo muda wote, na ukiinuka unatembea kama bibi aliyetoka kupalilia. Meza ya kulia ya kawaida, yenye sentimita 75 hivi, inafaa kwa kula na kwa kuandika, mradi kiti kiwe cha karibu 45. Kipimo chake hakihitaji futikamba: kaa, kunja viwiko kama herufi L, kisha laza mikono mezani. Mabega yakipanda, kiti ni kifupi, weka mto. Miguu ikining'inia baada ya kuweka mto, tafuta kitu cha kukanyagia. Kwa hiyo ukienda kwa fundi seremala usimwambie "nitengenezee meza ya kusomea", maana atakuwekea rafu na droo zinazobana magoti. Mwambie meza ya kulia ya watu wawili, sentimita 120 kwa 60, chini iwe wazi. Sisi wa ualimu tuna sababu ya ziada ya vipimo hivyo: karatasi ya manila ya ukubwa wa A1 ni karibu sentimita 84 kwa 59, na wakati wa mazoezi ya kufundisha ukichora chati kwenye meza ndogo kuliko hapo, manila inavunjika ukingoni.

Wanaopinga meza moja wana hoja nzito, nayo ni uchafu. Sufuria ya moto ikiwekwa moja kwa moja kwenye vanishi inaacha duara jeupe. Makombo yanaita sisimizi, na baada ya sisimizi wanakuja mende, ambao hawaishii kwenye makombo tu. Wanapenda wanga na gundi, na migongo ya vitabu vyetu ina gundi. Kibaya zaidi ni mafuta. Tone la mchuzi wa maharage kwenye andalio la somo linapenya, karatasi inakuwa kama kioo, na kalamu haiandiki tena pale. Haya yote ni kweli. Lakini hata ukinunua meza mbili, mende wanatembea. Dawa ni namna ya kubadilisha meza kutoka kazi moja kwenda nyingine, na ina hatua chache tu.

Kwanza, vitu vya kazi viwe na boksi moja. Nenda duka la vifaa vya kuandikia, omba boksi tupu la rimu za A4, lile linalobeba rimu tano. Kompyuta, madaftari, kalamu na chaja vyote viingie humo na boksi likae chini ya meza. Kisichoingia kwenye boksi hakina ruhusa ya kuwa mezani, kwa sababu ndicho kitakachobaki pale wakati ugali unaiva. Pili, chakula kiwe na trei au sinia. Sahani, bakuli la mboga na kikombe vinakuja mezani juu ya trei na vinaondoka juu ya trei, hivyo makombo mengi hayafiki kwenye mbao. Sufuria ibaki jikoni. Tatu, kufuta: kitambaa kikavu kwanza ili kukusanya makombo, kisha kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kisha kikavu tena. Maji matupu hayaondoi mafuta, yanayasambaza tu. Kujua kama meza iko tayari, chukua kipande cha karatasi chakavu, kibonyeze pale ulipokula, kiinue kwenye mwanga. Ukiona doa linalopitisha mwanga ambalo halipotei likikauka, bado kuna mafuta, rudia sabuni. Ekstensheni ya umeme usiilaze mezani wala sakafuni panapopigwa deki. Ifunge kwenye mguu wa meza, upande wa ukutani.

Kuna wanaosema, "Mimi nikikaa pale ninapokula, usingizi unanijia, kichwa hakijui sasa ni kusoma." Nawaelewa, lakini kichwa kinaweza kufundishwa kwa alama ndogo kuliko meza nzima. Sisi chumbani tunatumia kitambaa cha nailoni cha mezani. Kikitandikwa ni mlo, hakuna daftari linalofunguliwa. Kikikunjwa na taa ya mezani ikawashwa ni kazi, na hata karanga haziliwi pale. Alama hiyo pia imepunguza kelele kati yangu na mwenzangu wa chumba, maana ugomvi wa meza mara nyingi ni wa saa. Tumekubaliana kwamba kuanzia saa 2 hadi saa 2 na nusu usiku meza ni ya chakula, hata kama mtu ana testi kesho. Baada ya hapo ni yangu hadi saa 5. Yeye ni mtu wa alfajiri, anaichukua kuanzia saa 10 hadi saa 12 asubuhi. Anayechelewa kurudi anakula na trei mapajani, hamwondoi mwenzake. Nyie mnaokaa wawili, pangeni saa hizo kabla ya kupanga fanicha.

Mpango huu una mipaka na siifichi. Kama kazi yako haiwezi kuondolewa mezani kila siku, mfano mchoro wa usanifu uliobandikwa kwa siku nne au cherehani na vitambaa vilivyokatwa, usichanganye. Hapo meza iachie kazi, na chakula kishuke chini. Hilo si kujidhalilisha. Nyumba nyingi za Pwani zimekula hivyo miaka yote: unatandaza mkeka, sinia katikati, watu wanazunguka, na mkimaliza mkeka unakunjwa na kusimamishwa nyuma ya mlango. Mkeka ni chumba cha kulia kinachokunjwa. Wageni wakija wanne, hata mwenye meza bora hana budi kuutandaza, maana meza ya ukutani inakaa wawili, na wa tatu akibanwa.

Ndiyo maana nasema stuli ya kioo ndiyo ya mwisho kwenye orodha, kama itaingia kabisa. Na kabla ya hapo kuna jambo kubwa zaidi. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi 3 au 6 kwa mkupuo, na sisi tukienda kuona chumba tunaangalia vigae na rangi. Nenda na futikamba. Tafuta sehemu moja kando ya dirisha yenye futi 4 kwa 5, ambayo haizuii mlango wala kitanda, na uangalie kama soketi iko karibu. Isipokuwepo, jua kabisa kwamba unalipia mahali pa kulala tu, na kusoma utakwenda maktaba hadi ifungwe. Afadhali ulijue hilo kabla hujatoa hela.