Ushirika wa akiba: kuhesabu pesa za gishe hakutoshi

Pesa zikipotea kwenye ushirika wa akiba na mikopo, sisi hapa tunauliza kwanza: nani mwizi? Kwa maoni yangu, mkaguzi wa hesabu akianza na swali hilo atazunguka bure.

Tuchukue mfano wa kutunga, ushirika mmoja wa Butembo. Mama muuza mafuta ya mawese analeta dola 100. Mhudumu wa gishe anaandika 100 kwenye kitabu cha mama, lakini kwenye kompyuta anaingiza 60. Dola 40 zinaingia mfukoni. Jioni sanduku linahesabiwa: ni 60, na kompyuta inasema 60. Wakaguzi wakija hata bila kutangaza, wakahesabu mpaka usiku, hawataona kosa.

Mwaka 1953, Mmarekani Donald Cressey alieleza wizi wa aina hii baada ya kuongea na wafungwa waliotumia vibaya pesa walizokabidhiwa. Leo kanuni ya kimataifa ya ukaguzi namba 240 inatenganisha mambo matatu: shinikizo, nafasi na kujihalalishia.

Shinikizo: tuseme mhudumu wetu hajalipwa miezi minne. Mkaguzi hawezi kumlipa, wala asimshtaki kwa sababu hiyo, maana wengi wasiolipwa hawaibi. Achukue tu tarehe mshahara uliposimama, na achunguze zaidi miezi iliyofuata.

Nafasi ndiyo kiini. Mtu mmoja anapokea pesa, anaandika kitabu na anaingiza kwenye kompyuta. Kwa hiyo wakaguzi wachague wanachama wenyewe, bila kumwambia mhudumu, wawafuate sokoni na kulinganisha vitabu vyao na kompyuta. Wachague pia akaunti zilizolala muda mrefu, kwani wenyewe hawaulizi. Vitabu vikiwa vimebaki gishe, eti "kwa usalama", hiyo peke yake ni alama mbaya.

Kisha waombe mhudumu apewe likizo ya wiki mbili, mwingine akae mahali pake. Mama akija kutoa dola zake 100, mhudumu hulazimika kuziba zile 40 kwa akiba ya mwanachama mwingine. Shimo linahama kila siku, na anayelihamisha hawezi kukosa kazini. Mfanyakazi asiyetaka likizo kamwe husifiwa kwa bidii. Mimi ningemwangalia mara mbili.

Kujihalalishia hakuandikwi popote. Kunasikika kwenye mazungumzo: "Nakopa tu, nitarudisha", au "wakubwa nao wanakula". Maneno ya pili yakisikika, wakaguzi wafungue mikopo ya meneja na wajumbe, watafute ile iliyotoka bila karatasi. Wasiridhike na maelezo ya mdomo. Na kama meneja mwenyewe ametajwa, ripoti isipitie kwake. Ipelekwe moja kwa moja kwa baraza la uongozi, na kwa mkutano mkuu wa wanachama kama baraza nalo linahusika.