Vitabu vya Bosi Mpya

Mwanafunzi wangu wa zamani ameteuliwa kuongoza kitengo cha watu watano. Aliniomba orodha ya vitabu vya uongozi. Nilimpa maandiko matatu tu, na hakuna hata kimoja kinachouzwa kwenye rafu ya siri za mafanikio.

La kwanza ni Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapwa mwaka 1951. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kufundisha elimu ya sheria. Katika utetezi wake anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje ya nchi, wakarejea na mambo ya manufaa, wakaishia gerezani. Bosi mpya na ajiulize: aliyeniletea habari nisiyoipenda wiki hii, nilimfanya nini? Kitengo ambacho hakuna anayeleta habari mbaya hakina amani, kina woga.

La pili ni sura moja ya kitabu cha Daniel Kahneman cha mwaka 2011 kuhusu fikra za haraka na za taratibu. Msomi huyo anaeleza kwamba alipokuwa akisahihisha mitihani, alama ya swali la kwanza ilimpendelea au kumwonea mtahiniwa katika maswali yaliyofuata. Akabadili utaratibu: akasahihisha swali la kwanza la watahiniwa wote, ndipo akaenda la pili, bila kutazama alama za awali. Mwanafunzi wangu anaweza kufanya vivyo hivyo wakati wa tathmini: apime ubora wa ripoti za wote watano, kisha utimizaji wa muda kwa wote watano, kila kigezo katika karatasi yake. Akiona mtumishi mmoja amepata nne katika kila kigezo, ashuku kwamba amempima mtu badala ya kazi. Njia hii humpunguzia mpimaji uhakika, nami naona hiyo ndiyo faida yake.

La tatu ni kavu: Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Zinataka anayetuhumiwa apewe muda wa kujiandaa, kwa kawaida usiopungua saa 48, na asaidiwe na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Mwenyekiti wa kikao asiwe amehusika na mkasa wenyewe. Watumishi wa umma wana sheria yao ya mwaka 2002, hivyo waisome hiyo. Ila msingi wa kusikilizwa ni uleule.

Wengi watasema bosi mwenye moyo mwema hahitaji haya. Sikubaliani nao. Moyo mwema hubadilika kabla ya chakula cha mchana. Utaratibu ulioandikwa humlinda mtumishi siku ambayo bosi amekasirika, na siku hiyo ndiyo ajira ya mtu hupotea.