Kupanda Maharagwe Sio Kuweka Mbolea

Wasee, kuna stori inazunguka sana huku mtandaoni: panda maharagwe, udongo utajipa mbolea wenyewe. Mimi naikataa. Ni nusu ya ukweli, na hiyo nusu ndiyo inaacha mkulima na mahindi ya manjano msimu unaofuata.

Kwanza, kazi si ya maharagwe. Ni ya bakteria wanaoitwa rizobia, wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi. Mmea unawalisha sukari, nao wanageuza naitrojeni ya hewani iwe chakula cha mmea. Wakati mwingine hawafanyi kitu. Unajuaje? Mmea ukitoa maua, chimba mmoja polepole. Usiung'oe, vinundu vitakatika vibaki chini. Pasua kinundu na ukucha. Ndani kukiwa na rangi ya waridi au nyekundu, kazi inaendelea. Kukiwa kweupe au kijani, hapo hakuna kitu.

Sasa hata vikiwa vyekundu, cheki vile tunavuna. Tunang'oa mmea mzima, tunapura nyumbani, mbegu tunakula, mabua tunapea ng'ombe. Naitrojeni nyingi ilikuwa kwenye mbegu, na sasa iko kwa sufuria. Tena maharagwe ni mvivu kwa hii kazi kuliko kunde au soya, kwa hivyo hakuna ziada kubwa ya kuachia mahindi.

Kata shina, mizizi ibaki ardhini. Rudisha mabua shambani, au samadi ya huyo ng'ombe. Bila hivyo, usiniambie umerutubisha udongo. Umeuvuna tu.