Msambazaji mwenye haraka asiyetabirika atakumaliza

Leo nina ugomvi na programu nyingi za maduka ya dawa, ikiwemo ya kwanza niliyoandika mwenyewe. Zinamuuliza mwenye duka, "Mzigo huchukua siku ngapi kufika?" Anajibu saba, basi mambo yamekwisha. Swali hilo halitoshi hata kidogo.

Chukueni mfano wa metformini, dawa ya kisukari. Tuseme duka huuza pakiti 20 kwa siku, na mauzo hupanda na kushuka kwa pakiti 6 hivi. Ukiamini siku saba, mauzo ya kusubiri ni 140. Ongeza akiba ya tahadhari ya pakiti 27 kwa ajili ya mauzo yanayoyumba, uagize zikibaki 167. Inaonekana sawa, sivyo?

Sasa fungua daftari la oda sita zilizopita: siku 3, 4, 6, 7, 8 na 14. Wastani ni saba kweli, lakini mchepuko wake ni karibu siku 4. Ile oda ya siku 14 inataka pakiti 280! Wewe ulikuwa na 167, kwa hiyo rafu ilikauka siku ya tisa, na mgonjwa akarudi nyumbani mikono mitupu.

Hesabu sahihi huingiza kuyumba kote kuwili. Iandike hivi kwenye lahajedwali:

```
=1.65*SQRT(7*6^2 + 20^2*4^2)
```

Jibu ni kama 135, kwa hiyo agiza zikibaki 275. Ile 1.65 ina maana kwamba katika mizunguko 100 ya kuagiza, 95 hivi isiishiwe. Tazameni ndani ya mabano: mauzo yamechangia 252, msambazaji 6400. Tatizo si wateja!

Ndiyo maana mimi ningemchagua msambazaji wa siku tisa anayekosea kwa siku moja tu. Kwake akiba ni 45, na kiwango cha kuagiza ni 225. Ni mzito zaidi, lakini pakiti 90 za pesa zako hazilali kabatini zikingoja tarehe ya kuharibika.

Tahadhari mbili. Siku ambazo dawa haikuwepo, mauzo huandikwa sifuri; ziondoe, la sivyo programu itadhani hakuna anayeitaka. Pili, oda sita ni chache, na hata 275 haifiki 280. Kwa dawa ambayo mgonjwa hawezi kuikosa, weka akiba ya kufikia ucheleweshaji mbaya kabisa uliowahi kuuona.

Programu yangu sasa inarekodi tarehe mbili kwa kila oda: ya kuagiza na ya kupokea. Je, yako inazo?