Kabla ya Kubonyeza START, Soma Mstari wa Kwanza

MEZA YA FUNDI
Na Rashidi Mwakalinga

Tangu msaada wa kawaida wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025, watu wengi wananiletea kompyuta zao za zamani niwawekee Linux Mint. Wiki iliyopita alikuja jirani yangu, mwalimu wa shule ya msingi, akiwa na flashi mbili. Moja alikuwa ameshanakili ndani yake faili la Linux Mint lenye mwisho wa .iso, kama anavyonakili wimbo. Alipobonyeza F12 na kuichagua, kompyuta haikuwaka.

Kosa hilo ni la kawaida, na sababu yake ni hii. Faili la ISO ni nakala ya diski nzima iliyofungwa pamoja. Kompyuta ikiwaka haifungui faili hilo. Inatafuta programu ndogo ya kuanzishia mahali maalumu kwenye flashi, na flashi ya mwalimu haikuwa nayo. Kazi ya Rufus, programu ndogo ya bure iliyotungwa na Pete Batard na inayofanya kazi kwenye Windows tu, ni kuipanga flashi upya na kutandaza yaliyomo ili programu hiyo ikae inapotafutwa. Ipakue rufus.ie, si kwingineko.

Kuipanga upya maana yake ni kufuta kila kitu, na hapo ndipo ninapotofautiana na wanaomfundisha mgeni kwa kumweleza GPT na MBR kwanza. Ukishachagua ISO ya Linux Mint, Rufus hujaza yenyewe mistari ya mipangilio hiyo, na kwa kawaida inafaa ilivyo. Mstari ambao Rufus haiwezi kukuamulia ni ule wa juu kabisa, Device, kwa sababu haijui flashi ipi ina mali yako.

Mwalimu alikuwa amechomeka zote mbili. Rufus ilikuwa imechagua ile ya pili, ya GB 32.

"Mwalimu, hii ina nini?"

"Picha za mahafali ya darasa la saba, mwanangu. Sina nakala nyingine."

Nilimwomba aichomoe kabisa. Sikutaka tutegemee macho yetu kusoma herufi ya diski. Kwa anayeanza, sheria yangu ni flashi moja tu kwenye kompyuta, ya GB 8 au zaidi, na kisanduku cha List USB Hard Drives kiachwe bila alama, ili diski kubwa za nje zisijitokeze kwenye orodha.

Ilipobaki moja, tulibonyeza SELECT na kuchagua faili. Kabla ya kuendelea nilimwonyesha kitufe chenye alama ya vema karibu na hapo. Ukikibonyeza, Rufus hukokotoa namba ya utambulisho wa faili, ikiwemo SHA256 yenye tarakimu na herufi 64. Tuliilinganisha na ile iliyotolewa na Linux Mint, zikalingana. Zingetofautiana, faili lingekuwa limeharibika wakati wa kupakua au limechezewa, na tungelipakua upya. Dakika moja hiyo inakuepusha na usakinishaji unaokwama katikati usijue kwa nini.

Kisha START. Kikatokea kidirisha kinachouliza namna ya kuandika, nasi tukaacha palipopendekezwa, Write in ISO Image mode. Onyo la mwisho likaja, kwamba data yote kwenye flashi itafutika, na jina la flashi limetajwa. Nilimwambia alisome kwa sauti. Alilisoma, akathibitisha ni ile ya kwanza, akabonyeza OK.

Kazi ilipokwisha, mstari ulijaa kijani, ukaandika READY. Mwalimu akanyoosha mkono kubonyeza START tena, akidhani ndiyo kwanza iko tayari kuanza. Wengi hufanya hivyo, kwa kuwa neno hilohilo huonekana kabla ya kazi. Mstari wote ukiwa kijani, kazi imekwisha. Bonyeza CLOSE, uitoe flashi salama.

Kwake iliwaka mara ya kwanza. Isipowaka kwako, rudia kazi ile na safari hii uchague DD Image mode, inayoandika nakala ya diski kama ilivyo, alama kwa alama. Ukitumia njia hiyo, Windows huenda isiitambue tena flashi na ikakutaka uifomati. Usihangaike wala kuitupa, kwa kuwa haijafa. Bonyeza Cancel, usakinishe Mint kwanza. Siku utakapotaka flashi irudi kuhifadhia mafaili, fungua Rufus, kwenye Boot selection chagua Non bootable, bonyeza START, na ukubwa wake wote utarudi.