Jile chini ya vesti, na kibao kilichotudanganya

Juma hili naacha mambo ya madaftari na minervali, niwaeleze habari ya kibao cha chumba chetu cha ushonaji. Wengi wenu mlikiona, na wengine mlicheka kabla ya sisi wenyewe kujua kwa nini mnacheka.

Tulipoanza kupokea kazi za arusi tulitaka watu wajue kwamba hatushoni vikwembe na uniformi za shule tu. Tukamlipa mchoraji wa vibao atuchoree bwana arusi amevaa kostimu ya vipande vitatu: pataloni, vesti, na katikati yake kile kizibao kisicho na mikono ambacho mafundi wa hapa wanakiita jile. Mchoraji akafanya kazi nzuri, rangi zinang'aa, uso unacheka. Lakini kila mzee aliyepita alisimama, akakunja uso, akaenda. Mmoja, fundi wa zamani, ndiye aliyesema wazi: “Wamama, huyu bwana amevaa nguo ya mke wake.”

Tusione haya kama hatukuliona wenyewe. Baba yangu alikuwa mwalimu, na foto zake zote za kijana zinamwonyesha katika abakosti, maana katika miaka ya 1970 Mobutu aliondoa kostimu na karavati ya kizungu mwilini mwa watu, na mambo yalibaki hivyo mpaka tarehe 24 aprili 1990, aliposema kule N'Sele kwamba chama kimoja kimekwisha na kwamba mwenye kutaka karavati avae. Kwa hiyo katika nyumba nyingi kuna kizazi kizima ambacho mama hakuwahi kumfungia mumewe jile asubuhi. Babu zetu walikuwa na kizibao juu ya kanzu, ndiyo, lakini kile kilivaliwa wazi mbele, na hakuna vesti iliyokifunika.

Sasa tuingie ndani ya kibao. Mkitaka kuelewa kostimu ya vipande vitatu, chora kwa chaki mstari mmoja wa wima, kutoka katikati ya kidevu mpaka kwenye kitovu. Vifungo vya shati vinakaa juu ya mstari ule. Vifungo vya jile vinakaa juu ya mstari uleule, na kifungo cha vesti ya safu moja pia. Nguo tatu, mstari mmoja. Ndiyo maana mtu akivaa vizuri macho yako yanashuka moja kwa moja bila kuyumba. Kama ni nguo ya safu mbili habari inabadilika: pale safu zinasimama upande huu na upande huu wa mstari, kwa umbali ulio sawa, na kitambaa cha juu kinavuka mbali sana. Sisi tulitaka safu moja, basi nabaki hapo.

Lakini kitambaa hakiishi kwenye mstari. Lazima kivuke kidogo ili kifungo kipate mahali pa kukaa. Katika jile tunalolishona sisi kila upande unavuka santimetre 2 kupita mstari. Katika nguo ya mwanaume, upande wa kushoto wa mvaaji ndio unaokuja juu, na ule wa kulia unajificha chini. Matundu yanatobolewa kushoto, vifungo vinashonwa kulia. Katika bluzi zetu sisi wanawake ni kinyume. Kwa hiyo ukimtazama mwanaume aliyesimama mbele yako, ukingo wa kitambaa unauona upande wa mkono wako wa kushoto, pembeni kidogo ya vifungo. Kwenye kibao chetu ukingo ulikuwa upande wa pili, katika shati, katika jile na katika vesti. Huyo ndiye “mwanaume aliyevaa nguo ya mke wake”.

Nilimuuliza mchoraji alipopata mfano. Akanionyesha foto ya ndugu yake kwenye telefone, aliyojipiga mwenyewe kwa kamera ya mbele. Hapo nikaelewa. Telefone nyingi zinaweza kuhifadhi foto ya namna ile kama kioo, kulia kukawa kushoto. Jinsi ya kujua ni rahisi: tafuta mfuko mdogo wa kifuani wa vesti, ule wa kitambaa cha mapambo. Unakaa upande wa kushoto wa mvaaji, karibu na moyo. Kama vifungo viko kinyume na mfuko nao uko kinyume, nguo haina kosa, ni foto iliyogeuka. Kama mfuko uko mahali pake na vifungo peke yake viko kinyume, basi ni mkono wa mchoraji au wa fundi uliokosea. Kwenye kibao chetu vyote vilikuwa vimegeuka pamoja, kwa hiyo mchoraji alichora kwa uaminifu kitu cha uongo.

Kosa la pili lilikuwa lake mwenyewe. Kwa kuwa foto ilikuwa na giza shingoni, alibuni. Alichora kola ya shati imelala juu ya vesti, kama vijana wanavyovaa kwenye dansi bila karavati, na jile akalipandisha mpaka kooni. Utaratibu wa kweli ni huu. Karavati inazunguka shingo chini ya kola, na majani mawili ya kola yanakunjwa juu yake, hivyo fundo peke yake ndilo linaloonekana katikati. Kisha jile linakuja juu ya vyote viwili: ncha za kola zinaingia chini ya ukingo wake, na karavati inazama ndani ya ule uwazi wenye umbo la V, isionekane tena chini. Mwisho vesti. Reveri zake, yaani zile ndimi mbili zinazokunjwa kifuani, zinalala juu ya jile na kulifunika mabegani. Mahali reveri mbili zinapokutana, juu kidogo ya kifungo, ile ya kushoto ya mvaaji inapita juu ya mwenzake, kwa sababu ni mwendelezo wa kitambaa kilekile kilichovuka.

Nyuma ya shingo ndipo wengi tunasahau kutazama. Jile halina kola nyuma, linaishia kwa ukingo mwembamba. Kola ya vesti inaufunika ukingo huo kabisa, na juu ya kola ya vesti kola ya shati inachungulia kama santimetre 1 hivi au zaidi kidogo. Ukiona kitambaa cha jile kimejitokeza pale kati ya vesti na shati, ama shingo ya jile imekatwa juu mno, ama vesti inaanguka nyuma.

Mtasema, ni kibao tu, kipakwe rangi upya. Na mimi nilisema hivyo. Kumbe madhara yalikuwa yameshaingia ndani ya nyumba. Binti anayejifunza kwetu, mwenye mkono mzuri lakini aliyezoea bluzi, alikuwa amepewa jile la bwana arusi mmoja wa jumamosi. Alipopata mashaka ya upande, alitoka nje akatazama kibao, akarudi akatoboa. Matundu matano, yote upande wa kulia. Ilikuwa jumatano jioni. Kitambaa kilikuwa kimeletwa na familia kutoka Bukavu, na kilichobaki hakikutosha hata kukata upande mmoja wa mbele. Mama mwenzetu alianza kuhesabu ni franka ngapi tutalipa, na binti alikuwa analia kimyakimya nyuma ya mashini.

Yule fundi mzee ndiye tuliyemwita. Alilitandika jile mezani, akatufanya tupime badala ya kulia. Kila tundu lilikuwa na urefu wa santimetre 1.7: lilianza nusu santimetre kasoro kidogo kupita mstari wa katikati kuelekea ukingoni, likaishia kama santimetre 1.4 ndani upande wa kulia. Na upande wa kushoto, ambao sasa utakuja juu, unavuka mstari kwa santimetre 2. Maana yake makovu yote yatakuwa chini ya kitambaa, jile likifungwa. Tukang'oa vifungo vya kushoto. Matundu ya kulia tukayatilia kipande cha kitambaa kigumu kwa nyuma, tukaunganisha midomo yao kwa sindano ya mkono na uzi uliochomolewa katika kitambaa kilekile, tukapiga pasi juu ya kitambaa chenye maji. Ndipo tukashona vifungo juu ya mstari, na kutoboa upande wa kushoto. Kabla ya kutoboa, binti alilivaa jile mwenyewe na kusema kwa sauti mkono gani ni wa kushoto.

Tundu moja lilikataa kujificha, lile la chini kabisa. Kifungo cha mwisho cha jile huachwa wazi, ili ncha mbili za mbele ziachane kidogo mtu anapotembea au kuketi, na pale zinapoachana kovu linaonekana pembeni ya kifungo. Tulilishona mara mbili kwa uzi mwembamba zaidi, na tukamwomba bwana arusi asivue vesti. Ningekuwa muongo nikisema halikuonekana kabisa. Mama yake alilipapasa kwa kidole siku ya kulijaribu, akanitazama, nami nikamweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi. Tulipunguza bei ya jile kwa nusu.

Siku ileile ya kulijaribu tulikuta jambo jingine, na hili si la kibao. Alipoketi, shati jeupe lilitokea kama mkanda kati ya jile na pataloni. Jile linatakiwa kuufunika mshipi wa pataloni kwa santimetre 2 au 3 hata mtu akiinua mikono. Letu lilikuwa na urefu wa kutosha, ila kijana alivaa pataloni chini kwenye nyonga, namna ya siku hizi. Ukilirefusha jile kufuata pataloni ya chini linakuwa kama eproni ya jikoni. Tulimpandishia pataloni mpaka karibu na kitovu, tukaibana kiunoni, mkanda wa shati ukapotea. Vesti ikiwa imefungwa, juu ya kifungo chake kilionekana kifungo kimoja cha jile na nusu ya kingine, na hapo fundi mzee akanyamaza, jambo ambalo kwake ni sifa.

Kibao tumekirudisha kwa mchoraji. Safari hii hatukumpa foto, tulimpelekea mtu mzima mwenye kostimu, asimame mbele yake mchana kutwa kwa soda mbili. Uso unaocheka ameuacha kama ulivyokuwa, maana sisi wenyewe tulimwomba. Ila mfuko wa zamani wa kifuani bado unaonekana kidogo chini ya rangi mpya, upande usio wake, jua la saa nane likiupiga.