Simuleta haioni kibano usichokichora

KARAKANA WIKI HII
Na Hamisi Kitwana

Katika karakana nyingi za samani zilizonunua mashine ya CNC, kazi huenda hivi. Fundi anachora mlango wa kabati kwenye kompyuta, programu inatengeneza msimbo wa G, picha ya biti inapita juu ya ubao kwenye skrini bila kugusa kitu, kisha faili linapelekwa kwenye mashine. Mwenye karakana akiuliza kama kazi imekaguliwa, anajibiwa kuwa imekaguliwa. Mimi nasema haijakaguliwa. Ubao ule wa kwenye skrini unaelea hewani, hakuna kinachoushika. Ubao wa mezani umeshikwa na vibano vya chuma, na chuma hicho ndicho kinachovunja biti.

Tuchukue mlango mmoja wa plaiwudi ya milimita 18, upana 400, urefu 700. Unahitaji matundu mawili ya bawaba za kabati, yale ya kipenyo cha milimita 35, yote kwenye ukingo wa kushoto: moja karibu na chini, jingine karibu na juu. Ubao umebanwa pande zote mbili, na kibano cha kushoto kimekaa katikati ya urefu, yaani kati ya Y330 na Y370. Kimeingia ndani ya ubao milimita 40, na kichwa cha boliti yake kimesimama milimita 22 juu ya uso wa ubao. Sifuri ya Z ni uso huo wa juu. Programu imetoa hivi:

```
G0 Z5
X22.5 Y100
G1 Z-12.5 F300
G0 Z5
Y600
G1 Z-12.5 F300
```

Usome mstari wa tano. Umeandikwa `Y600` tu, lakini amri ya `G0` iliyo juu yake bado inatawala, kwa hiyo ni mwendo wa haraka. Fundi anayepekua faili kwa kutafuta neno `G0` peke yake atauruka mstari huu, na ndio wenye hatari. Biti inatoka tundu la kwanza, inapanda milimita 5, kisha inakimbia kufuata ukingo kuelekea tundu la pili. Njiani kuna chuma cha milimita 22.

Milimita 5 hizo hazikuwekwa na mtu mzembe. Ukianza kazi mpya kwenye FreeCAD, urefu wa kupita juu ya vizuizi huja umeshawekwa milimita 5 juu ya ubao, na urefu wa usalama milimita 3. Programu haijui unabana ubao kwa kitu gani. Anayebana kwa utepe wa gundi au kwa meza ya kufyonza hewa, milimita 5 zinamtosha. Anayebana kwa boliti hazimtoshi hata kidogo.

Najua jibu la mafundi wazoefu: mkono wangu uko kwenye kitufe cha dharura. Tupige hesabu. Mashine iliyowekewa mwendo wa haraka wa milimita 6000 kwa dakika inakwenda milimita 100 kwa sekunde. Kutoka tundu la kwanza hadi kwenye kibano ni kama sekunde mbili, na sehemu kubwa ya muda huo unaamini kila kitu kiko sawa. Ukishtuka, nusu sekunde ya kushtuka inakula milimita 50. Kitufe hicho hupunguza hasara. Kuizuia ajali ni kazi ya kufanywa kabla mota haijawashwa.

Kazi hiyo inaanza kwa rula. Pima kila kibano kilipokaa, kimeingia ndani kiasi gani na kimesimama kiasi gani, kisha kichore. Programu ikikubali umbo lolote kama malighafi, unganisha vibano na ubao viwe kitu kimoja kwa ajili ya ukaguzi huo, na biti ikipita kwenye chuma utaona chuma kimekatwa. Ikiwa simuleta yako inakubali sanduku tu, kama CAMotics, inua uso wa juu wa sanduku hadi milimita 22. Kila mwendo unaopita chini ya kimo hicho utaacha mfereji, nawe utalinganisha mifereji hiyo na mahali vibano vilipo. Mlango wetu utaonyesha mfereji ulionyooka kutoka tundu hadi tundu, ukipita katikati ya kibano.

Dawa yake ni kupandisha urefu wa kupita uwe `Z32`, milimita 10 juu ya chuma, na kushuka haraka hadi `Z2` kabla ya kuanza kutoboa. Kwa mashine inayopandisha kichwa milimita 50 kwa sekunde, nyongeza hiyo ni takriban sekunde moja kwa kila tundu. Asiyetaka kuitoa sekunde hiyo, na ahamishe kibano.

Mwendo wa haraka ukishapona, bado kuna nati ya koleti. Nati ya kawaida ya ER20 ina kipenyo cha milimita 34, yaani inatanuka milimita 17 kutoka katikati ya biti. Tuseme mlango huohuo unachongwa pambo la kina cha milimita 10 kwa biti ya milimita 6, iliyochomoza milimita 30 chini ya nati. Biti ikiwa kwenye kina hicho, nati iko milimita 20 juu ya ubao, chini ya kichwa cha kibano. Pambo likipita milimita 15 kutoka kwenye kibano, biti yenyewe iko mbali nacho kwa milimita 12, lakini nati inakigonga. Simuleta inayoonyesha biti tupu itakuambia njia ni nyeupe. Ipe biti umbo lake lote, pamoja na nati.

Kisha ukague faili lenyewe linalokwenda kwenye mashine. Picha inayoonekana ndani ya programu ya kuchorea ni ya njia kabla haijapita kwenye posti, kile kigeuzi kinachoiandika kwa lugha ya mashine yako. Posti huongeza mistari yake mwanzoni na mwishoni. Ikimalizia kwa `G0 X0 Y0` huku biti ikiwa kwenye `Z5`, safari hiyo ya kurudi nyumbani haikuwemo kwenye picha uliyoitazama.

Na hata faili likiwa safi, simuleta haijui umegusa wapi sifuri. Ukigusa meza wakati faili linategemea uso wa ubao, `Z5` inakuwa milimita 13 ndani ya plaiwudi. Ndiyo maana baada ya skrini kuna mzunguko mmoja wa hewani: pandisha sifuri ya Z milimita 50, mota ikiwa imezimwa, punguza mwendo wa haraka, endesha faili lote. Kata kipande cha mti cha milimita 50 kiwe kipimo. Biti inapopita juu ya kibano, simamisha mashine na uingize kipande hicho kati ya biti na kibano. Kisipopita, kwenye kazi halisi biti ingekula chuma.

Wenye karakana, muda wa kupima, kuchora vibano na kuzungusha hewani uingizwe kwenye bei ya mlango wa kwanza wa kila oda. Milango inayofuata itautumia ukaguzi uleule, mradi vibano havijasogezwa. Kikisogezwa hata kimoja, kazi ni mpya na ukaguzi unaanza upya.